Jino la Bibi lilikatikia kwenye mkate wa kumimina

Picha iliingia kwenye simu yangu Jumapili asubuhi, nikiwa bado kitandani Dar es Salaam. Mama mdogo alikuwa ameipiga haraka haraka, haikutulia vizuri, lakini kilichomo kilionekana: jino moja limelala kwenye kiganja cha Bibi. Chini yake kulikuwa na ujumbe mfupi: "Limekatika akila mkate wa kumimina."

Niliusoma mara mbili. Mkate wa kumimina ni unga wa mchele, tui la nazi na hamira. Hata mtoto ambaye hajaota meno anaumung'unya. Jino lenyewe kwenye picha lilikuwa zuri, jeupe, halina tundu hata moja juu yake. Lilikatika sawasawa pale lilipokutana na ufizi, kama mhogo uliokatwa kwa kisu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimewahi kuandika kuhusu meno ya watoto, kuhusu biskuti na soda, na niliamini najua jino likioza linakuwaje: linatoboka juu, linauma usiku, mtu anakimbilia karafuu. Kwa hiyo nilimjibu mama mdogo kwamba ni uzee tu, meno ya wazee huchoka. Nikarudi kulala.

Jibu langu lilikuwa la makosa, na kosa langu la pili nililigundua nilipofika Kilwa Kivinje wiki mbili baadaye.

Bibi ana miaka 74. Alinipokea barazani kwa utani wake wa siku zote, maana bibi wengi wa kwetu humwita mjukuu wa kiume mume. "Shikamoo Bibi," nikamwambia. "Marahaba mume wangu. Mkeo amekuwa kibogoyo, utamwacha?" Alicheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Bibi hakuwahi kuziba mdomo akicheka.

Nikamwomba akae mlangoni penye mwanga, nikawasha tochi ya simu. Sikuangalia sehemu ya juu ya meno, kwa sababu ile niliiona haina shida. Niliangalia shingo za meno, pale jino linapoingia kwenye ufizi. Ufizi wake ulikuwa umeshuka, mizizi imeonekana wazi kiasi cha nusu punje ya mchele, kwingine zaidi. Na kwenye mizizi ile palikuwa na mistari ya rangi ya njano na kahawia, haina mng'ao, imezunguka jino kama mkufu. Nilihesabu meno sita ya namna hiyo, manne upande wa kulia wa chini.

"Yanakuuma?" nikauliza.

"Hapana. Maji ya mtungini tu ndiyo yananisisimua."

Hapo mkononi alikuwa ameshika kopo la bati. Nililijua kopo lile. Ndani yake kulikuwa na pipi za mnanaa, na aliyezileta ni mimi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bibi aliugua mkanda wa jeshi. Vipele vilipona, ila maumivu ya ubavuni yalibaki, na kituo kimoja cha afya kikampa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. Dawa hiyo ni ya zamani, ilianza kama dawa ya huzuni, lakini hutuliza vizuri maumivu ya mishipa ya fahamu, na Bibi akaanza kulala. Alikuwa tayari anakunywa vidonge vya presha vile vinavyomfanya akojoe sana. Baada ya muda akaanza kulalamika kwamba mdomo unamkauka, ulimi unaganda kwenye kaakaa, chakula hakishuki bila maji. Hakuna aliyemwambia kwamba vidonge vile vinakausha mate. Mimi nami, mwandishi wa afya, nikamnunulia pipi ili amung'unye. Nikawa kila nikienda nampelekea mfuko. Usiku alikuwa analala na pipi moja shavuni. Upande wa kulia.

Nikampeleka kwa daktari wa kinywa na meno. Daktari alikuwa dada wa umri wangu, akamwamkia Bibi, akampima presha kwanza, akamweka kwenye kiti. Alifuta meno kwa pamba yakakauka, akagusa ule mkufu wa kahawia kwa kifaa butu, polepole. Kikazama kidogo. "Laini," akasema. "Kama ngozi iliyolowa." Akaniita nione. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye semina yoyote niliyohudhuria: jino ni vitu viwili tofauti vilivyounganishwa, na kile cha chini hakikuumbwa kukaa nje.

Sehemu ya jino tunayoiona mtu akicheka imevikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Karibu yote ni madini. Kwa uzito ni kama asilimia 96. Mzizi hauna enameli. Umefunikwa na ganda jembamba sana, ambalo pale shingoni ni jembamba kuliko karatasi, na chini yake kuna dentini, ambayo kwa uzito ni madini kama asilimia 70 tu. Iliyobaki ni maji na nyuzi za protini. Ujana wote ufizi unaufunika mzizi kama udongo unavyofunika mzizi wa mti. Ufizi ukishuka, kwa ugonjwa wa fizi au kwa kusugua kwa nguvu miaka mingi, lile ganda jembamba linafutika kwa mswaki tu, na dentini inabaki nje kupambana na chai.

Kupambana na chai si maneno ya utani. Bakteria waliomo kwenye ukoga wa meno wakipata sukari hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha madini ya jino. Wanasayansi hupima ukali wa asidi kwa kipimo cha pH: 7 ni maji safi, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Enameli huanza kuyeyuka pH ikifika 5.5 hivi. Mzizi huanza mapema zaidi, kwenye 6.2 mpaka 6.4. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki hupanda kwa mara kumi kila hatua, kwa hiyo asidi inayotosha kuuanza mzizi ni hafifu mara tano au zaidi kuliko ile inayohitajika kuianza enameli.

Maana yake nyumbani ni hii. Mtu akinywa funda la chai yenye sukari, asidi kwenye ukoga inapanda ndani ya dakika chache, kisha mate yanaisafisha taratibu, na kwa mtu mwenye mate ya kutosha inachukua nusu saa mpaka saa nzima hali kurudi kama mwanzo. Mtafiti wa Kimarekani aitwaye Stephan aliuchora mteremko huo na mpando wake miaka ya 1940, na mpaka leo unafundishwa. Sasa enameli inayeyuka pale katikati tu, asidi ikiwa kali kabisa. Mzizi unaanza kuyeyuka mapema wakati asidi inapanda, na unaendelea kuyeyuka hata baada ya enameli kupumzika. Kikombe ni kile kile, mdomo ni ule ule, lakini mzizi unakaa kwenye asidi muda mrefu zaidi.

Nikakaa na Bibi tukahesabu siku yake. Chai ya asubuhi na vitumbua, chai ya saa nne, chai ya alasiri na kashata. Hizo ni tatu. Kati yake pipi, na alikiri kwamba haziwi chini ya nane. Jumla ni kumi na moja. Ukiweka saa moja tu ya asidi kwa kila mara, mizizi ilikuwa inaoga asidi saa kumi na moja kati ya zile kumi na sita anazokuwa macho. Na hiyo ni hesabu ya mtu mwenye mate. Bibi alikuwa hana.

Mate hatuyaheshimu. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na kazi yake si kulowesha chakula tu. Yanasukuma sukari tumboni, yanapoza asidi, na yanabeba kalisi na fosfeti zinazorudi kwenye jino kujaza palipoyeyuka. Tukilala yanapungua sana hata kwa kijana. Kwa hiyo pipi ya usiku shavuni, kwa mtu aliyemeza dawa ya kukausha mate saa tatu usiku, ilikuwa inafanya kazi mpaka alfajiri bila mtu wa kuizuia. Ndiyo maana upande wa kulia uliharibika zaidi. Daktari hakuhitaji kuambiwa, aliniuliza yeye mwenyewe, "Huyu analala na kitu mdomoni?"

Kuhusu kutouma, hilo nalo lina sababu. Jino la mtu wa miaka 70 si sawa na la mjukuu wake. Miaka inavyokwenda jino hujijenga kwa ndani, chumba cha mshipa wa fahamu kinakuwa chembamba, na maumivu yanachelewa kufika. Wakati huo kuoza hakuendi chini kama kisima. Kunazunguka shingo ya jino pembeni. Kukikaribia kukutana pande zote, juu ya jino bado kuzima na kweupe, lakini limesimama kwenye kijiti. Hapo mkate wa kumimina unatosha.

Daktari akatueleza namna ya kutambua palipo hai na palipotulia, na hili ndilo ningependa kila mwenye mzazi aliyevuka miaka 60 alijue. Palipo hai pana rangi ya njano au kahawia hafifu, hapang'ai, panakaa karibu kabisa na ufizi, na mara nyingi pamefunikwa na ukoga. Pakiguswa ni laini. Palipotulia ni peusi au kahawia iliyokolea, pagumu, panateleza na kung'aa kama kokwa la ubuyu lililomung'unywa. Sisi wote tunaogopa weusi kwenye jino. Kwenye mzizi, weusi mgumu mara nyingi ni habari njema. Usichokonoe nyumbani kwa pini au njiti, maana palipolainika panachimbika na kovu haliponi; tochi na macho vinatosha, kugusa mwachie daktari.

Inawezekana kupafanya palipolainika pawe pagumu kwa sababu ya zile nyuzi za protini. Asidi ikiondoa madini, nyuzi zinabaki zimesimama kwa muda, kama fito za nyumba ya udongo iliyonyeshewa. Fito zikiwapo unaweza kukandika upya. Floraidi na madini ya mate yakipata nafasi, yanajipanga tena kwenye nyuzi zile, na ukandiko mpya unastahimili asidi kuliko wa mwanzo. Ukichelewa, vimeng'enya vya mdomoni vinazila fito zenyewe, na hapo ni shimo, hakuna cha kukandika.

Kwa Bibi, mabaki ya jino lililokatika yaling'olewa siku ile, kwa sababu mzizi uliobaki ulikuwa umeoza mpaka ndani. Jino la jirani yake lilikuwa na shimo la kweli, na hilo liliziba bila mashine na bila sindano. Daktari alikwangua sehemu laini kwa vifaa vya mkono, akajaza simenti maalumu ya meno ambayo hushika dentini yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Bibi alikuwa anaogopa mlio wa mashine kuliko kitu chochote, akashangaa kuambiwa imekwisha. Nilipokwenda kusoma nikakuta mbinu hiyo, ambayo sasa inatumika nchi nyingi, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, wakati wataalamu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walipotafuta namna ya kuziba meno vijijini kusiko na umeme. Sikujua. Nimesoma chuo hapo hapo Dar na sikuwahi kuambiwa.

Manne yaliyobaki hayakuchimbwa. Daktari aliyapaka floraidi nzito ya kunata inayokaukia kwenye jino, akasema arudi kila baada ya miezi mitatu. Kisha akasema kazi iliyobaki ni ya nyumbani, na akaniangalia mimi.

Pipi ziliondoka siku hiyo hiyo. Lakini kumnyang'anya mtu mwenye mdomo mkavu pipi zake bila kumpa kitu ni ukatili, kwa hiyo tulianza na chanzo. Tulirudi kwa aliyeandika dawa tukamweleza. Nasisitiza tulirudi, hatukuacha dawa wenyewe, maana maumivu ya mkanda wa jeshi si mchezo na vidonge vya presha haviachwi kwa sababu ya meno. Dozi ya amitriptilini ikapunguzwa polepole, maumivu yakabaki kidogo, akaona anayavumilia. Vidonge vya presha vilibaki kama vilivyo. Pia tuligundua alikuwa anameza piritoni kila akiwashwa, kwa kujinunulia dukani, nayo inakausha mate vilevile. Hiyo aliiacha. Badala ya pipi anatembea na chupa ndogo ya maji, anapiga funda mara kwa mara, na anatafuna bazoka isiyo na sukari, ambayo mwanzoni aliona aibu nayo. "Mwanamke mzima natafuna kama mbuzi," alisema. Kutafuna kunaamsha mate, mradi sukari isiwemo.

Chai hatukuikataza. Ukimkataza mtu wa pwani chai umemkataza wageni. Tulichobadilisha ni mpangilio: sukari inakwenda pamoja na chakula, kitumbua na kashata vinaliwa hapo hapo, kisha basi. Chai ya saa nne inanywewa bila sukari, na tangawizi na hiliki. Kutoka mara kumi na moja tukafika mbili. Mizizi haihesabu vijiko vya sukari kama inavyohesabu mara ngapi imeguswa.

Kupiga mswaki ndiko kulikokuwa na ubishi, kwa sababu Bibi hupiga mswaki kuliko sisi wote. Tatizo lilikuwa namna. Alikuwa na mswaki wa nywele ngumu, anasugua kwa kwenda na kurudi kama anayesugua sufuria, na mara moja kwa wiki anaongeza mkaa uliosagwa. Enameli inavumilia hayo kwa miaka mingi, mzizi unalika. Mkaa tukauacha. Mswaki ukawa wa nywele laini, umelazwa kidogo kuelekea ufizi, unatikiswa taratibu pale shingoni, jino kwa jino. Mswaki wa kijiti hatukuuacha, kwa kuwa anauzoea na unasafisha kweli ukitafunwa mpaka nyuzi zikalainika. Ila kijiti peke yake hakina floraidi ya kutosha, kwa hiyo hakichukui nafasi ya dawa ya meno.

Na dawa yenyewe, tulisoma boksi. Kuna dawa za mitishamba dukani ambazo hazina floraidi kabisa; aliyokuwa akitumia Bibi ilikuwa mojawapo. Mtu mzima atafute iliyoandikwa 1450 ppm au 1500 ppm. Asubuhi na usiku, na wa usiku ndio muhimu zaidi kwa sababu ya mate kupungua. Akimaliza ateme, asisukutue. Hapa ndipo tulipopigana. Bibi alikuwa anasukutua kwa kikombe kizima cha maji, mara tatu, na ukifanya hivyo floraidi yote imekwenda uani. Ilimchukua kama wiki mbili kuzoea kubaki na ladha mdomoni. Mwezi wa Ramadhani, kwa wanaofunga, saa zinahama tu: mara moja baada ya kula usiku kabla ya kulala, na mara ya pili baada ya daku, mapema kiasi cha kuitema vizuri kabla ya adhana. Mchana anatumia kijiti kikavu.

Kuna dawa ya meno yenye floraidi 5000 ppm, ambayo majaribio yameonyesha inaufanya mzizi uliolainika kuwa mgumu kuliko ya kawaida. Hutumika kwa maelekezo ya daktari. Maduka matatu ya dawa niliyoingia Lindi mjini hayakuwa nayo, ndiyo maana daktari aliegemea ile ya kupaka kila miezi mitatu. Ukiipata, iweke mbali na watoto. Mtoto chini ya miaka mitatu anahitaji dawa ya kawaida kiasi cha punje ya mchele, na mpaka miaka sita kiasi cha punje ya mbaazi, kwa sababu wao humeza.

Shangazi mmoja wa Arusha aliposikia tunahimiza floraidi alipiga simu kwa hasira, maana kule kaskazini maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi na watu wamekua na meno ya kahawia. Ana haki ya kuogopa. Lakini rangi ile huingia wakati jino la mtoto linajengeka bado likiwa ndani ya taya. Jino la Bibi lilimaliza kujengeka zamani sana. Haliwezi kupata madoa hayo kwa dawa inayopakwa na kutemwa.

Katikati ya meno mswaki haufiki, na huko ndiko mkufu ulikokuwa unakutana. Vile vimswaki vidogo vya kupenyeza katikati ya meno nilivipata Dar, si Kilwa. Vidole vya Bibi vina baridi yabisi, havishiki kitu chembamba, kwa hiyo nikafunga mpini kwa kitambaa ukawa mnene. Ni usiku tu, mara moja. Siku nyingine anaruka, nami sijifanyi sijui. Mama mdogo amechukua kazi ya kumulika tochi kila Ijumaa.

Miezi sita baadaye mama mdogo alipiga simu kwa wasiwasi. "Baba, dawa haisaidii. Meno ya mama yanazidi kuwa meusi." Nilimwomba picha. Safari hii alitulia, picha ikatoka vizuri. Mistari mitatu kati ya minne ilikuwa imegeuka kahawia nzito, karibu nyeusi, inang'aa kwenye mwanga wa tochi. Binamu yetu mmoja alikuwa tayari ameshamshauri Bibi akayakwanguliwe yawe meupe. Nilimpigia Bibi mwenyewe nikamwambia asimsikilize.

Daktari aligusa tena. Matatu yamekuwa magumu. La nne, lile la nyuma kabisa kulia, bado ni laini upande wa shavu, hapafikiki vizuri na mswaki, na daktari alisema wazi kwamba hana uhakika nalo. Amelipaka tena. Amemfundisha Bibi kufungua mdomo nusu tu anapolisafisha, maana akiufungua wote shavu linabana mswaki usiingie.

Bibi anataka meno ya bandia ya kuziba lile pengo la mbele. Daktari amemwambia yanawezekana, ila yale ya kuvaa na kuvua hukamata ukoga pale pale shingoni mwa meno yaliyoshikilia, kwa hiyo akiyataka lazima ayavue kila akilala na kuyasafisha pamoja na meno yake. Anafikiri. Mara ya mwisho nilipokuwa Kivinje alikuwa barazani anamenya korosho za kuchoma, anazitafuna kwa upande wa kushoto, taratibu, na alicheka bila khanga mdomoni niliposahau na kutoa mfuko wa halua niliyonunua njiani. Akaupokea. Akasema atakula baada ya wali, yote kwa mara moja, halafu nimletee maji.